Dakika moja kwa mtoto mmoja: kupima usomaji mwisho wa trimesta



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu alikuja na buletini ya mtoto wake wa mwaka wa pili. Katika Kiswahili mtoto alipata pointi 14 juu ya 20. Mama alifurahi. Jioni tulimpa mtoto kipande cha karatasi ya sabuni, tukamwomba atusomee jina lililoandikwa juu yake. Alitazama chini, akanyamaza. Tukamletea kaye yake ya shule. Hapo alisoma ukurasa mzima bila kusimama, lakini macho yake yalikuwa yakitazama mlango. Alikuwa ameshika somo kichwani kama wimbo.

Hatumlaumu mwalimu. Zile pointi 14 zilikuwa za kunakili kutoka tablo na za kujibu kwa mdomo pamoja na wenzake, na mtoto huyo anajua kunakili na anajua kujibu. Kitu ambacho hakikupimwa ni kama anaweza kuchukua maneno ambayo hajayaona, akayasoma peke yake na kuelewa yanasema nini. Kitu hicho kinapimwa kwa dakika moja. Tulikaa na mwalimu wa mtoto huyo, mama kama sisi, tukatengeneza karatasi ya kupimia, na katika safu hii tunawaeleza namna tulivyofanya, ili nanyi muongee na walimu wa watoto wenu kabla buletini hazijafungwa.

Namna yenyewe haikuanzia kwetu. Kupima kwa dakika moja kunafanyika katika nchi nyingi, na hapa Kongo pia kumefanyika. Sisi tulichukua sehemu ndogo tu, ile ambayo mwalimu mmoja anaweza kuifanya na kuisahihisha bila msaada wa mtu.

Vitu vinavyohitajika

Ni hadithi fupi, simu au saa yenye kuonyesha sekunde, kreyo, na orodha ya majina ya darasa. Hadithi iwe mpya, isiwe ya kitabu cha darasa. Iwe katika lugha ambayo watoto wanafundishwa kusoma. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za kitaifa katika madarasa ya kwanza, na kwetu huku ni Kiswahili. Ukimpima mtoto wa mwaka wa pili kwa Kifaransa, hutajua kama kinachomshinda ni kusoma au ni Kifaransa.

Hii ndiyo hadithi tuliyoandika. Namba mwisho wa kila mstari inamwambia mwalimu maneno mangapi yamesomwa tangu mwanzo mpaka pale. Karatasi ya mtoto haina namba hizo, na herufi zake ni kubwa, zimeandikwa moja moja bila kuunganishwa.

Asubuhi mama alienda sokoni kuuzisha ndizi na mihogo. (8)
Aliacha mbuzi wetu amefungwa kwenye mti nyuma ya nyumba. (17)
Mvua kubwa ilianza kunyesha na kamba ikakatika. (24)
Mbuzi alikimbia akaingia jikoni akala unga wote. (31)
Dada alipomwona alicheka, kisha akamfukuza kwa ufagio. (38)
Mama aliporudi jioni, alileta samaki na kamba mpya. (46)

Na haya ndiyo maulizo:
1. Mama alienda sokoni kuuzisha nini? (mstari wa 1)
2. Kwa nini mbuzi aliweza kukimbia? (mstari wa 3)
3. Mbuzi alikula nini? (mstari wa 4)
4. Kwa nini mama alileta kamba mpya? (mstari wa 6)

Angalieni neno «kuuzisha». Mwanzoni tuliandika «kuuza», kama vitabu vinavyoandika. Mwalimu akatukumbusha kwamba katika nyumba nyingi za kwetu mtu akisema anaenda kuuza chumvi, maana yake anaenda kuinunua. Mtoto angesoma vizuri sana, halafu angefikiri mama alienda kununua ndizi, nasi tungesema hakuelewa. Hadithi ya kupimia itumie maneno ambayo mtoto anayasikia kwao. Kosa liwe la kusoma, lisiwe la mwandishi wa hadithi.

Namna ya kufanya

Mwalimu anaketi na mtoto mmoja mahali pa kando. Wengine wanabaki darasani na kazi ya kuandika au kuchora. Anamwambia: «Utanisomea hadithi hii kwa sauti. Soma vizuri kama unavyoweza. Neno likikushinda, nitakuambia uendelee. Ukimaliza nitakuuliza hadithi inasema nini.» Asimwambie asome mbio. Mtoto akisikia mbio, atakimbia na kuacha maneno.

Saa inaanza pale mtoto anapotamka neno la kwanza, si pale anapopewa karatasi. Mtoto anaposoma, mwalimu anafuata kwenye karatasi yake na kufanya alama tatu tu. Neno lililokosewa au lililorukwa linapigwa mkato mmoja. Kama mtoto alikosea, kisha akajisahihisha mwenyewe, mwalimu anaandika S juu ya mkato ule, na neno linahesabiwa kuwa zuri. Sekunde ya 60 ikifika, anafunga kwa kifungo ] baada ya neno la mwisho lililosomwa, na kusema «asante».

Mtoto akikwama kwenye neno, mwalimu anahesabu moyoni mpaka tatu. Kama bado amenyamaza, anamwonyesha neno linalofuata, na lile lililomshinda linapigwa mkato. Bila sheria hii mtoto mmoja anaweza kukaa dakika nzima juu ya neno «amefungwa», nasi hatutajua kama yale mengine angeyasoma.

Mtoto asiposoma hata neno moja zuri katika mstari wa kwanza, mwalimu anasimamisha kwa upole, anamshukuru na kuandika sifuri. Hakuna faida ya kumkalisha mbele ya mistari mitano zaidi akitokwa na jasho. Badala yake amwonyeshe silabi kumi zilizoandikwa kwenye kartoni, kama ma, ti, ku, le, ndi, na aandike ngapi anazijua. Hapo ndipo kazi ya trimesta ijayo itakapoanzia.

Baada ya kusoma, mwalimu anauliza maulizo, lakini yale tu ya mistari ambayo mtoto amefikia. Mtoto aliyeishia mstari wa tatu anaulizwa mawili. Jibu linaweza kuwa kwa Kiswahili cha nyumbani au kwa Kimashi, Kirega, Kinande, Kifuliru, lugha yoyote ambayo mwalimu anaisikia. Tunachotafuta ni kama hadithi imeingia kichwani.

Kwa kila mtoto tulitumia kama dakika mbili na nusu, pamoja na kumkaribisha na kuandika. Watoto 12 ni nusu saa. Darasa la watoto 48 linamalizika kwa asubuhi nne, nusu saa kila siku. Na hakuna karatasi za kubeba nyumbani kusahihisha usiku, maana hesabu inamalizika mtoto akiwa bado anarudi kwenye benchi yake.

Lililo kosa na lisilo kosa

Hapa ndipo tulipobishana zaidi, kwa hiyo tunaeleza taratibu.

Matamshi ya kwetu si kosa. Karatasi imeandika «mti», mtoto anasema «muti», kama sisi wote tunavyosema nyumbani. Amesoma. Hivyo hivyo kwa mtoto anayechanganya l na r kwa sababu ya lugha ya mama yake, kama anachanganya hata anapoongea. Lakini akisoma «kuuza» mahali pa «kuuzisha», hilo ni kosa hata kama maneno yanafanana, kwa sababu ameona mwanzo wa neno na kubahatisha mwisho.

Kurudia neno si kosa. Kunakula wakati wake, basi.

Kukata silabi ndiko kulikotusumbua. Mtoto anasema «a-li-e-nda», kisha anaunganisha: «alienda». Tunahesabu neno zuri, maana ameliunganisha, na saa yenyewe itaonyesha kwamba anaenda polepole. Lakini akisema «a-li-e-nda» na kupita bila kuunganisha, tunapiga mkato. Anajua silabi, bado hajasoma neno. Kwa Kiswahili tofauti hii ni kubwa, kwa sababu maneno yetu ni marefu. Mtoto akifika mwisho wa «alipomwona» kwa kukata silabi, mwanzo wake umekwisha kumtoka kichwani. Ndiyo maana mtoto wa namna hiyo anaweza kupita mistari mitatu na asijue hata kwamba mvua ilinyesha.

Hesabu ya watoto watatu

Tuwaonyeshe watoto watatu tuliowaona, bila kutaja majina yao.

Wa kwanza, mvulana, dakika ilimkuta kwenye neno «jikoni». Mwalimu anatazama namba ya mstari wa tatu, 24, anaongeza maneno manne ya mstari wa nne, inakuwa 28. Mikato ilikuwa minne: «alienda», «kuuzisha» alilolisoma «kuuza», «amefungwa» lililomshinda kwa sekunde tatu, na «ikakatika» alilolisoma «ikakata». Lakini «alienda» alijisahihisha mwenyewe, lina S juu yake, kwa hiyo makosa ni matatu. 28 kutoa 3 ni 25. Alisoma maneno mazuri 25 kwa dakika. Hakumaliza mstari wa nne, basi aliulizwa maulizo mawili tu, akajibu yote mawili. Kwenye orodha ya darasa mwalimu aliandika: 28, 3, 25, 2/2.

Wa pili, msichana, alimaliza hadithi yote kabla ya dakika kuisha, kwa sekunde 50, akiwa na makosa mawili. 46 kutoa 2 ni 44. Kwa kuwa hakutumia dakika nzima, mwalimu anazidisha 44 kwa 60, halafu anagawa kwa 50. Inatoka karibu 53. Kwa mbio huyu anampita yule mvulana mara mbili. Lakini katika maulizo manne alijibu moja tu, lile la kwanza. Alikuwa hasimami kwenye nukta, alisoma kama mtu anayekimbia mvua. Kama tungeandika namba ya mbio peke yake, tungemwita bora wa darasa na hakuna ambaye angemsaidia. Kazi yake ni kusoma sentensi moja, kusimama, na kusema kwa maneno yake ilichosema, ndipo aende kwenye nyingine.

Wa tatu ndiye yule wa karatasi ya sabuni. Katika mstari wa kwanza alisema «siku moja palikuwa na», maneno ya hadithi ya darasani. Hakuna neno zuri hata moja. Mwalimu alisimamisha, akamletea silabi kumi. Alijua sita. Alijua ma, ti, ku, le na nyingine mbili nyepesi. Zile zenye herufi nyingi kama ndi na mbu zilimshinda. Mama yake alikuwa pale. Alisema: «Basi si kwamba hajui kitu. Anajua sita.» Ndiyo. Buletini ya pointi 14 haikuweza kumwambia hivyo, na sifuri peke yake pia isingeweza.

Kuipanga darasa

Orodha ya mwalimu ina safu tano: jina, neno la mwisho alilofikia, makosa, maneno mazuri kwa dakika, na majibu. Pembeni anaweka herufi moja. Z kwa mtoto wa sifuri. K kwa anayekata silabi na kwenda polepole. M kwa anayesoma mbio bila kuelewa. V kwa anayesoma vizuri na kujibu. Ukitazama orodha kutoka juu mpaka chini, unaona mara moja darasa lako liko wapi. Mwalimu wetu alifikiri ana watoto wengi wa Z. Alikuta wengi wake ni wa K, watoto ambao kinachowahitaji ni kusoma hadithi ileile nyepesi mara tatu au nne, mpaka maneno yaunganike. Alikuwa akiwarudisha kwenye silabi kila asubuhi, na silabi walikuwa wamekwisha kuzijua.

Msitafute namba za kufikia kutoka vitabu vya Kifaransa au vya Kiingereza. Neno letu moja, «akamfukuza», kwa Kifaransa linaweza kuwa maneno matatu au manne. Mtoto wetu anayesoma maneno 25 anaweza kuwa amesoma kazi kubwa kuliko mtoto wa lugha nyingine mwenye maneno 40. Namba ya mtoto ilinganishwe na namba yake mwenyewe ya trimesta ijayo, kwa hadithi yenye urefu na ugumu kama huu.

Yaliyotuharibikia

Siku ya kwanza tuliwaweka watoto wanaongoja karibu na mlango. Mtoto wa nane au wa tisa alianza kusoma kwa mwendo ambao haukuwa wake, na alipofika kwenye «akala unga wote» alicheka kabla ya kulitamka. Walikuwa wamesikia hadithi yote. Tukitaka kujua kama mtoto anasoma kweli, tulimwonyesha kwa kidole neno moja la katikati, kama «ufagio», tukamwomba alisome peke yake. Aliyeshika kichwani analazimika kuanza tena tangu «Asubuhi mama». Siku ya pili tuliandika hadithi nyingine ya urefu uleule, tukawa tunabadilisha moja baada ya nyingine, na wanaongoja walibaki mbali na sauti.

Kosa la pili lilikuwa letu wamama. Mmoja wetu alisoma namba kwa sauti mbele ya watoto. Kesho yake mtoto mmoja hakuja shuleni. Tangu hapo orodha inakaa katika kaye ya mwalimu, na kila mama anaambiwa ya mtoto wake tu. Namba hii isiingizwe kwenye pointi za kupita au kurudia darasa. Ni dakika moja ya siku moja. Mtoto anaweza kuwa na malaria, anaweza kuwa amekuja bila kula, anaweza kuwa hajawahi kuketi peke yake na mwalimu. Namba ikimshangaza mwalimu, apime tena baada ya siku mbili kwa ile hadithi nyingine. Na mtoto anayeleta karatasi karibu kabisa na uso, au anayekunja macho, apelekwe kwanza kuonwa macho. Hakuna silabi itakayosaidia pale.

Kwa mama asiyejua kusoma

Wengi katika vikundi vyetu hawakupata shule, na wamama watatu walituuliza kama haya yote yanawahusu. Yanawahusu. Mama asiyesoma anaweza kushika simu na kusema «simama» sekunde ya 60 ikifika, ili macho ya mwalimu yabaki kwenye karatasi. Nyumbani anaweza kumpa mtoto karatasi yoyote ambayo mtoto hajaiona, ya dawa, ya sabuni, ya kanisani, na kuangalia mambo mawili: je, macho yanafuata mstari? Na akimaliza, anaweza kumweleza mama karatasi ilisema nini? Kama macho yako mlangoni, mama amekwisha kupima.

Mama wa buletini ya 14 aliomba kitu kimoja kutoka kwa mwalimu: zile silabi nne zilizomshinda mtoto, zimeandikwa kwenye kartoni. Zimebandikwa jikoni kwake, juu ya mtungi wa maji. Kila mtoto anapochota maji, anasoma moja. Jana tulipita pale. Alitusomea ndi, akatusomea mbu, akasimama. Kisha akazitazama tena, akaongeza zi nyuma ya zile zote mbili, akacheka mwenyewe: «Ndizi. Mbuzi.»

Katika mkutano wa Jumamosi, kila kikundi kilete jina la mwalimu mmoja wa mwaka wa pili ambaye amekubali. Tutanakili hadithi zote mbili kwa mkono, herufi kubwa, nakala moja kwa kila shule. Leteni kartoni.